Inchi Nane Ni Sentimita Ngapi? Andika Vipimo Ambavyo Mteja wa Kisii na Nyamira Ataelewa

Ukiwa unauza bidhaa za mawe ya Tabaka, kuna uwezekano mkubwa orodha yako ya kwanza ya vipimo haikuandikwa na wewe. Iliandikwa na mnunuzi wa Marekani, au na wakala wake, aliyetaka bakuli mia moja zinazofanana. Kwa hivyo karatasi inasema `8 in`, inasema `lb`, inasema `oz`. Kazi ikaisha, mzigo ukaenda, na wewe ukabaki na bakuli chache za ziada. Sasa unataka kuziuza hapa nyumbani: unapiga picha, unaweka kwa simu, na unanakili vipimo vilevile vya ile karatasi.

Hapo ndipo shida huanza. Mteja wa Nyamira mjini anaona `3 lb 5 oz` na hajui ni uzito wa nini. Mwingine anaona "8", anadhani ni sentimita, halafu anauliza mbona bei iko juu kwa bakuli dogo hivyo. Wa tatu analipa bila kuuliza. Mzigo ukifika anasema si kile alichofikiria, na anataka pesa yake irudi. Jiwe ni zito na huvunjika. Kulirudisha kutoka Nairobi hadi Kisii kunaweza kumeza faida yote ya kipande hicho, hata kama kimefika kikiwa kizima.

Makala hii inachukua karatasi kama hiyo na kuigeuza mstari kwa mstari, mpaka iwe tangazo ambalo mtu wa hapa atalisoma mara moja na kulielewa. Baada ya hesabu tutaangalia swali ambalo wauzaji wengi hulisahau: ukishakuwa na vipimo viwili, kipi kitangulie?

Hesabu ni tatu tu

Mwaka wa 1959, Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zinazotumia Kiingereza zilikubaliana kuhusu urefu kamili wa inchi na uzito kamili wa ratili. Ratili ndiyo ile wengi wetu tunaita paundi, na ndiyo inayoandikwa `lb`. Tangu wakati huo hakuna kubahatisha:

Inchi 1 ni sentimita 2.54 kamili.

Ratili 1 ni gramu 453.6 hivi. Ina aunsi 16.

Aunsi 1 ya uzito ni gramu 28.35 hivi.

Ukiwa sokoni na huna kikokotoo, kuna njia ya haraka. Kwa urefu, kumbuka kwamba inchi 4 ni sentimita 10 na kidogo, kwa hivyo inchi 8 ni sentimita 20 na kidogo. Kwa uzito, chukua idadi ya ratili, igawe kwa mbili, kisha utoe sehemu moja ya kumi. Ratili 10 zinakuwa 5, ukitoa nusu unabaki na kilo 4 na nusu. Jibu la kikokotoo ni 4.54, kwa hivyo uko karibu kabisa. Njia hii si ya kuandikia tangazo, ni ya kukuonyesha kama jibu la kikokotoo lina akili. Ukipata ratili 10 ni kilo 22, ujue umezidisha mahali ulipopaswa kugawa.

Tugeuze karatasi moja

Tuseme karatasi yako inasema hivi:

```
Bowl 8 in x 3 in, 3 lb 5 oz, 32 oz
```

Anza na urefu. 8 mara 2.54 ni 20.32. 3 mara 2.54 ni 7.62. Kwa hivyo upana wa mdomo ni sentimita 20.32 na kimo ni sentimita 7.62. Usiandike bado, tutarudi kwa hizo desimali.

Sasa uzito. Hapa ndipo watu wengi huanguka, kwa sababu ratili 3 na aunsi 5 si ratili 3.5. Ratili haina aunsi kumi, ina kumi na sita. Ni kama saa: saa 3 na dakika 5 si saa 3.5. Njia salama ni kugeuza kila kitu kiwe aunsi kwanza. Ratili 3 mara 16 ni aunsi 48, ongeza 5 zinakuwa 53. Halafu 53 mara 28.35 ni gramu 1,502 hivi, yaani kilo moja na nusu.

Aliyeandika 3.5 na kuzidisha angepata kilo 1.59. Tofauti ni gramu 85 hivi. Kwa bakuli moja mtu anaweza kusema si kitu, lakini ukiuza bakuli ishirini kwa hoteli na ukapanga usafiri kwa kilo, hiyo ni karibu kilo mbili ambazo hazipo.

Mtego huohuo uko kwa futi. Futi ina inchi 12, kwa hivyo sanamu ya futi 2 na inchi 5 si ya futi 2.5. Ni inchi 29, sawa na sentimita 73.66. Ya futi 2.5 ingekuwa inchi 30, sentimita 76.2.

Kuna aunsi mbili, na hazipimi kitu kimoja

Angalia tena ile karatasi. Kuna `5 oz` na kuna `32 oz`. Ya kwanza ni uzito. Ya pili haiwezi kuwa uzito, kwa sababu tumeshaona bakuli lina aunsi 53. Hiyo ya pili ni ujazo, yaani bakuli linabeba kiasi gani. Wamarekani hutumia neno moja kwa zote mbili. Wakiwa makini huandika `fl oz` kwa ujazo, lakini mara nyingi huacha hizo herufi mbili za mbele.

Aunsi ya ujazo ya Marekani ni mililita 29.57 hivi. Kwa hivyo 32 mara 29.57 ni mililita 946, karibu lita moja lakini haifiki. Mtu akichanganya na kutumia 28.35 atapata 907 na kuandika "gramu 907". Sasa bakuli la kilo moja na nusu limetangazwa kama la chini ya kilo moja, na mteja akilishika atajiuliza kama ametumiwa lingine.

Utajuaje ni aunsi gani? Uliza swali moja: hii namba inazungumzia kitu chenyewe au kinachoingia ndani yake? Kikombe, bakuli, mtungi na chupa zinaweza kuwa na zote mbili. Sanamu ya kiboko au ubao wa chesi hauna ujazo, kwa hivyo aunsi yake ni ya uzito tu.

Kama bado una shaka, pima mwenyewe kwa maji. Weka bakuli tupu kwa mizani ya jikoni na uandike uzito. Mimina maji hadi pale mtu wa kawaida angeishia kujaza, si hadi yamwagike, halafu upime tena. Tofauti ya gramu ndiyo mililita zako, kwa sababu mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Bakuli likiwa na gramu 1,502 tupu na gramu 2,400 likiwa na maji, linabeba mililita 898 kwa matumizi ya kawaida. Hiyo namba ina maana zaidi kwa anayetaka kuweka matunda au supu kuliko 946 ya kujaza pomoni.

Desimali: punguza, lakini ujue unapunguza kuelekea wapi

Turudi kwa sentimita 20.32. Ukiandika hivyo, unamwambia mteja kwamba umepima hadi sehemu ya kumi ya milimita. Bakuli limechongwa kwa mkono na kusuguliwa kwa msasa. Hakuna mawili yaliyo sawa hivyo. Mteja akipima apate 20.1, ana haki ya kukuuliza mbona uliandika 20.32.

Chukua vipande vitatu vya aina hiyo, uvipime kwa tepu ya chuma. Tuseme umepata 20.1, 20.4 na 19.8. Sasa unajua ukweli: ni sentimita 20, na vinaweza kutofautiana kwa nusu sentimita. Andika hivyohivyo. Mteja wa vitu vya mkono haogopi tofauti, anaogopa kutoambiwa.

Kuna bidhaa ambazo kupunguza namba ovyo kunaharibu kazi. Mfano ni kishikizo cha mshumaa. Mishumaa mirefu ya mezani inayotumika sana Marekani ina kitako cha inchi 7/8, na tundu la kishikizo huchimbwa kulingana nayo. 7 gawa kwa 8 ni 0.875, mara 2.54 ni sentimita 2.22, au milimita 22.2. Ukiandika "tundu cm 2", mteja mwenye mshumaa wa milimita 22 ataona hautaingia na ataendelea na safari yake. Ukiandika "cm 2.5", atanunua mshumaa mnene na utakataa kuingia. Kwa kitu chochote kilicho chini ya sentimita 3, tumia milimita. Hapa ni "tundu mm 22".

Kanuni ni hii. Kama ni nafasi ambayo kitu kingine kitaingia, kama tundu la mshumaa au ndani ya sanduku la vito, punguza namba kwenda chini. Kama ni kitu ambacho chenyewe kitawekwa mahali, kama ubao wa chesi juu ya meza ndogo, pandisha. Ubao wa inchi 14 ni sentimita 35.56. Ukiandika 35, mtu mwenye rafu ya sentimita 35 na nusu atanunua na ubao utagoma. Andika 36, na hakuna atakayelalamika kwamba ulimwachia nafasi.

Jambo lingine: geuza mara moja tu, kutoka kwa kipimo cha asili. Ubao wa inchi 14 ukiandikwa cm 35, muuzaji mwingine akinakili na kuurudisha kwa inchi atapata 13.78, aandike 13 na nusu. Anayefuata akigeuza tena atapata cm 34. Ubao haujapungua hata kidogo, ni namba zimekuwa zikikonda njiani. Kama huna kipimo cha asili, usihesabu. Chukua tepu upime kitu chenyewe.

Kipimo gani kitangulie?

Ushauri ambao utaupata mahali pengi ni kwamba mteja wa Kenya anatumia sentimita na kilo, basi weka hizo mbele. Kwa uzito ni kweli. Kwa urefu si hivyo kila wakati, na mtu yeyote anayeishi Kisii anajua.

Hebu fikiria tunavyoongea. Televisheni ni inchi 32 au 43. Bomba la maji ni nusu inchi au robo tatu. Mbao ni mbili kwa nne. Godoro ni futi na inchi. Ukienda Daraja Mbili kutafuta suruali ya mtumba, kiuno ni 32 au 34, na hizo ni inchi hata kama hakuna anayetaja neno lenyewe. Lakini kitambaa kinakatwa kwa mita. Vigae vya sakafu ni sentimita 30 kwa 30 au 40 kwa 40. Sukari ni kilo, majani ya chai yanayochumwa Nyamira hupimwa kwa kilo kituoni, na maziwa ni lita. Mtu mmoja anatumia mifumo yote miwili siku moja bila kuchanganyikiwa, kwa sababu kila kitu kina kipimo chake.

Kwa hivyo usijiulize tu mteja anatoka wapi. Jiulize hiki kitu kitakutana na nini kikifika kwake, na atakipima kwa kifaa gani.

Bakuli, sahani au kishikizo cha mshumaa kinaingia nyumbani. Nyumba nyingi hazina tepu ya fundi, lakini zina rula ya mtoto wa shule. Rula hiyo upande unaosomwa ni wa sentimita. Weka sentimita mbele, inchi kwenye mabano.

Rafu ya jiwe, kibao cha jina la kuwekwa mlangoni, au kitu chochote ambacho fundi atakitengenezea fremu ya mbao kitakutana na tepu ya fundi na mbao za inchi. Hapo inchi mbele, sentimita kwenye mabano.

Jiwe lililokatwa kama kigae litakutana na vigae vingine. Sentimita mbele.

Uzito: kilo mbele kwa kila kitu. Kwa mteja wa hapa unaweza kuacha ratili kabisa. Tena neno "paundi" huleta utata, kwa sababu wengi wakilisikia wanafikiria pesa ya Uingereza, na wazee wetu wanakumbuka paundi ilipokuwa shilingi ishirini. "Paundi 3" kwenye tangazo inaweza kusomwa kama bei.

Ujazo: mililita au lita mbele. Aunsi haina kazi kwa mteja wa hapa.

Kama bado hujui wateja wako wako upande gani, jibu liko kwa simu yako. Fungua jumbe ishirini za mwisho ambapo mtu aliuliza ukubwa. Hesabu wangapi waliandika "ni inchi ngapi" na wangapi waliandika "ni cm ngapi". Fanya hivyo kwa kila aina ya bidhaa, si kwa duka zima, kwa sababu anayenunua bakuli si lazima awe ndiye anayenunua kibao cha mlango. Utakuta pia wale wanaouliza "ni kubwa aje?" Hao hawataki kipimo chochote. Wanataka picha yenye kitu wanachokijua kando yake, na rula ya sentimita 30 ikiwa imelazwa mbele ya bakuli inawajibu wote kwa pamoja.

Ukishachagua, usibadilishe katikati. Tangazo linalosema "cm 20 kwa inchi 3" ni baya kuliko lenye inchi peke yake, kwa sababu msomaji atadhani zote ni kipimo kimoja.

Ukiuza kwa pakiti, sheria inaingia

Jiwe linauzwa kwa kipande, kwa hivyo uzito wake ni maelezo tu. Lakini kama unauza kahawa iliyokaangwa, karanga au chochote ambacho bei yake inategemea uzito, mambo yanabadilika. Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na biashara hapa huendeshwa kwa kilo, gramu na lita. Mizani ya kuuzia inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri na ofisa wa vipimo. Mizani ya jikoni tuliyotumia kwa maji inafaa kwa maelezo, haifai kwa kuuzia.

Tuseme una mifuko ya kahawa iliyochapishwa `12 oz` kwa ajili ya mnunuzi wa nje. 12 mara 28.35 ni gramu 340. Ukiiweka sokoni hapa, gramu ndiyo iwe kubwa na ya kwanza, na hiyo 340 iwe ya kahawa peke yake bila mfuko. Kwa uzito wa kuuza, kanuni ya desimali ina upande mmoja tu: usipandishe kamwe. Aunsi 8 ni gramu 226.8. Ukiandika 230 umemwahidi mteja gramu tatu ambazo hazimo. Mkumbushe pia kwa bei: mteja wa Keroka atalinganisha mfuko wako na pakiti za gramu 250 na 500 anazozijua dukani, kwa hivyo mwandikie bei ya kila gramu 100 ili asidhani umempunja.

Tangazo lililokamilika

Ile karatasi yetu sasa inasomeka hivi:

Bakuli la jiwe la Tabaka. Mdomo: cm 20 (inchi 8), umepimwa ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Kimo: cm 7.5 (inchi 3). Uzito: kilo 1.5 bila kifungashio. Linabeba: ml 900 hivi. Limechongwa kwa mkono, vipimo vinaweza kutofautiana kwa nusu sentimita.

Angalia maneno "ukingo wa nje". Ukuta wa bakuli la jiwe unaweza kuwa na unene wa sentimita moja, kwa hivyo ndani ni kama sentimita 18. Bila hayo maneno, mteja anayepima ndani atasema ulimdanganya kwa sentimita mbili, na wewe unayepima nje utasema hapana, na wote wawili mtakuwa na haki. Angalia pia kwamba neno "inchi" limeandikwa kwa herufi. Ile alama ya `"` hupotea au kugeuka alama ya kunukuu ukinakili maandishi kutoka simu moja hadi nyingine, na 8 ikibaki peke yake haisemi kitu.

Kama una bidhaa nyingi, weka orodha kwenye jedwali la simu au kompyuta. Inchi zikiwa safu ya A, ratili safu ya B na aunsi safu ya C, fomula ni hizi:

```
=ROUND(A2*2.54,1)
=ROUND((B2*16+C2)*28.35,0)
```

Ya kwanza inatoa sentimita, ya pili inatoa gramu. Kabla hujachapisha, pitia kila mstari ukitafuta namba ambayo haijabadilika. Kosa baya kuliko yote si la hesabu. Ni pale fomu ya duka la mtandaoni ina kisanduku kilichoandikwa `cm`, na muuzaji anaingiza 8 ya inchi bila kuangalia. Sasa ana bakuli la sentimita 8, dogo kama kikombe cha chai, lenye uzito wa kilo moja na nusu. Ukiona kitu kidogo hivyo na kizito hivyo kwenye orodha yako, kimoja kati ya vipimo hivyo viwili ni cha uongo.

Mwisho, unapomtumia mteja ombi la malipo, andika kipimo kilekile kwenye sehemu ya maelezo: "Bakuli cm 20, vipande 2". Akilipa, maneno hayo yanabaki kwenye rekodi ya muamala, kwako na kwake. Siku kukizuka mzozo kuhusu ukubwa, hamtabishana kuhusu nani alisema nini kwa simu. Mtafungua rekodi, mtachukua rula, na mtaona.